Mwongozo kamili: kukokotoa upya mstari wa makadirio kila data inaposasishwa, na kuuonyesha wazi kuwa ni makadirio

Chati inayojisasisha yenyewe huwa na aina mbili za habari zinazokaa bega kwa bega: yale yaliyokwisha kuhesabiwa na yale yanayodhaniwa kuja. Mwongozo huu unahusu namna ya kuchora sehemu ya pili kwa mstari mmoja ulionyooka, kuukokotoa upya kila data mpya inapoingia, na kuuandikia maneno yatakayomzuia msomaji kuuchukua kama hesabu halisi. Nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: huduma inayopokea maombi, ambayo jumla yake huhesabiwa kwa wiki, na ambayo wasimamizi wake wanataka kujua maombi mangapi yatarajiwe katika wiki chache zijazo.

Nimechagua mstari ulionyooka kwa makusudi. Zipo mbinu za hali ya juu zaidi, lakini mstari huu unaweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye lahajedwali, na ukikosea kosa lake huonekana mapema. Sharti lake ni kwamba usitumike mbali sana mbele, na usiwepo kabisa pale ambapo data haiustahili.

Data ya kuanzia

Tuchukue wiki 8 zilizokamilika, tuzipe nambari 1 hadi 8. Maombi yaliyopokelewa ni 212, 220, 219, 231, 228, 240, 243 na 247. Jumla ni 1,840, na wastani ni 230 kwa wiki.

Kwa nini wiki, si siku? Kwa sababu huduma nyingi hupanda na kushuka ndani ya wiki kwa mpangilio ule ule, na mstari ulionyooka hauwezi kueleza mpangilio huo. Ukitumia siku, hakikisha kipindi unachokitumia kinagawanyika kwa 7, kwa mfano siku 28 au 56. Vinginevyo kipindi kinaweza kuanza siku yenye kazi nyingi na kuishia siku ya mapumziko, na mteremko wa mstari utabadilika kwa sababu ya kalenda peke yake.

Kwa nini wiki 8? Ukichukua wiki chache mno, kama 4, wiki moja isiyo ya kawaida itauyumbisha mstari wote. Ukichukua nyingi mno, mstari utaendelea kubeba hali ya zamani iliyokwisha kupita. Wiki 8 hadi 12 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa makadirio ya wiki 1 hadi 4. Muhimu zaidi ni kwamba idadi hiyo uiamue mapema na uiandike kwenye mipangilio, usiibadilishe kila mara mstari unapokosa kukupendeza.

Hatua ya kwanza: ondoa wiki ambayo haijaisha

Hili ndilo kosa linaloharibu makadirio mengi yanayojisasisha, na kwa kuwa halitoi ujumbe wowote wa hitilafu, linaweza kukaa muda mrefu bila kugunduliwa. Tuseme chati inasasishwa katikati ya wiki ya 9, na hadi saa hiyo yamepokelewa maombi 96. Hayo 96 ni hesabu sahihi, lakini ni ya siku chache tu, ilhali nambari nyingine zote ni za siku 7. Ukiyaacha yaingie kwenye ukokotoaji, mstari utayachukulia kama wiki iliyoporomoka.

Matokeo yake ni makubwa. Kwa wiki 8 zilizokamilika, mteremko ni ongezeko la maombi 5 kwa wiki, kama tutakavyoona hivi punde. Ukiongeza 96 kama wiki ya 9, mteremko unageuka kuwa upungufu wa takriban 5.4 kwa wiki, na makadirio ya wiki ya 10 yanakuwa takriban 188 badala ya 257.5. Huduma inayokua imeonyeshwa kama inayokufa. Kadiri wiki inavyosonga, kosa hilo hupungua lenyewe, na wiki ikiisha linatoweka, kisha linarudi wiki mpya inapoanza. Hiyo ndiyo dalili ya kulitambua: mstari unaoinama vibaya mwanzoni mwa kila wiki na kunyooka kuelekea mwisho wake.

Kwa hiyo, kabla ya kukokotoa chochote, chuja data kwa tarehe. Wiki iingie tu ikiwa siku yake ya mwisho imekwisha kupita. Na ikiwa kumbukumbu zako huchelewa kufika, subiri muda wa kutosha baada ya wiki kuisha. Ili kuujua muda huo, linganisha jumla ya wiki moja kama ilivyosomeka siku ya kwanza, ya pili na ya tatu baada ya kuisha kwake, hadi uone siku ambayo jumla hiyo inaacha kubadilika.

Jambo jingine la kuchuja ni wiki isiyo na data. Wiki ambayo mfumo haukurekodi kitu si wiki yenye maombi sifuri. Iache wazi, na nambari za wiki nyingine zibaki zilivyo. Kama wiki ya 5 inakosekana, wiki ya 6 iendelee kuitwa 6, kwa kuwa mstari unahitaji kujua umbali halisi wa muda kati ya nukta na nukta.

Hatua ya pili: kokotoa mstari na upana wake

Mstari tunaoutafuta ni ule unaofanya jumla ya miraba ya tofauti, yaani umbali wa kila nukta kutoka kwenye mstari ukizidishwa kwa wenyewe, iwe ndogo kuliko kwa mstari mwingine wowote. Wastani wa nambari za wiki ni 4.5. Kwa kila wiki, chukua umbali wake kutoka 4.5, uzidishe kwa umbali wa maombi yake kutoka 230, kisha ujumlishe: unapata 210. Jumla ya miraba ya umbali wa wiki kutoka 4.5 ni 42. Gawanya 210 kwa 42, upate mteremko wa 5. Mstari unapita kwenye wastani, kwa hiyo thamani yake kwenye wiki ya 0 ni 230 kutoa 22.5, yaani 207.5. Wiki ya 9 inakadiriwa kuwa 252.5, na wiki ya 12 kuwa 267.5.

Usiishie hapo. Nambari moja isiyo na upana humfanya msomaji aamini kwamba unajua zaidi ya unavyojua. Tofauti kati ya maombi halisi na mstari katika wiki zetu 8 ni -0.5, 2.5, -3.5, 3.5, -4.5, 2.5, 0.5 na -0.5. Jumla ya miraba yake ni 58. Igawanye kwa 6, yaani idadi ya wiki ukitoa 2, kisha utafute kipeuo cha pili: unapata takriban 3.1. Hicho ndicho kipimo cha jinsi wiki zinavyotawanyika kuzunguka mstari. Kutokana nacho unapata kiwango cha chini na cha juu cha kila wiki ijayo. Kwa kiwango cha asilimia 95, wiki ya 9 inaangukia kati ya 243 na 262, na wiki ya 12 kati ya 256 na 279. Tazama kwamba ukanda ulio kati ya viwango hivyo viwili unapanuka kadiri unavyokwenda mbele, na ndivyo unavyopaswa kuwa.

Skripti fupi ya Python inatosha kwa kazi yote hiyo:

```python
import numpy as np
from scipy.stats import t

def kadiria(wiki, idadi, lengo):
    x = np.array(wiki, float)
    y = np.array(idadi, float)
    n = len(x)
    m, k = np.polyfit(x, y, 1)
    s = np.sqrt(((y - (m*x + k))**2).sum() / (n - 2))
    d = ((x - x.mean())**2).sum()
    h = t.ppf(0.975, n - 2) * s * np.sqrt(
        1 + 1/n + (lengo - x.mean())**2 / d)
    kati = m*lengo + k
    return kati, kati - h, kati + h
```

Ukiipa wiki 1 hadi 8 na nambari zetu, kisha 9 kama lengo, inapaswa kurudisha takriban 252.5, 242.9 na 262.1. Jaribu hilo kabla ya kuiunganisha na data yako. Wanaotumia lahajedwali wanaweza kuhakiki nambari hizo hizo, wiki zikiwa kwenye safu ya A na maombi kwenye safu ya B:

```
=FORECAST.LINEAR(9,B2:B9,A2:A9)
=STEYX(B2:B9,A2:A9)
```

Fomula ya kwanza inatoa 252.5, na ya pili inatoa mtawanyiko wa 3.1.

Hatua ya tatu: fanya ukokotoaji uwe sehemu ya usasishaji wenyewe

Mteremko na thamani ya kuanzia visiandikwe kwa mkono mahali popote. Ukiviandika kwenye mipangilio ya chati, nukta mpya zitaendelea kuingia huku mstari ukibaki ule wa zamani, na hakuna atakayejua. Mpangilio sahihi ni huu: data inasomwa, wiki isiyokamilika inaondolewa, wiki 8 za mwisho zinachukuliwa, mstari unakokotolewa, matokeo yanahifadhiwa pamoja na tarehe, ndipo chati inachorwa. Hatua yoyote ikishindwa, chati ichorwe bila mstari wa makadirio. Kamwe isichukue mstari wa mara iliyopita na kuuonyesha kana kwamba ni mpya.

Tuone kinachotokea wiki ya 9 inapokamilika na kuleta maombi 246. Wiki ya 1 inatoka, wiki ya 9 inaingia. Wastani mpya ni 234.25, na mteremko unashuka kutoka 5 hadi takriban 4.4. Makadirio ya wiki ya 10 sasa ni 254, kati ya 243 na 265. Makadirio ya wiki ya 12, ambayo wiki iliyopita yalikuwa 267.5, sasa ni takriban 263, kati ya 250 na 276.

Baadhi ya watu wataona badiliko hilo na kuuliza kwa nini nambari ya wiki ya 12 imebadilika ilhali wiki yenyewe haijafika. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu linaloonekana kwenye chati, si maelezo ya mdomo tu. Jibu ni kwamba wiki moja ya ushahidi imeongezeka, na wiki hiyo ilikuwa chini ya ilivyodhaniwa kwa 6.5, ingawa ilibaki ndani ya ukanda uliotangazwa. Usijaribu kuuzuia mstari usitikisike kwa kuuganda kwa mwezi mzima ili watu wasisumbuke. Mstari uliogandishwa unapatana na wasomaji kwa gharama ya kutopatana na data. Ikiwa mtikisiko ni mkubwa mno kila wiki, maana yake ni kwamba ukanda ulioonyeshwa ni mwembamba mno au kipindi ulichochukua ni kifupi mno, na hayo ndiyo ya kurekebisha.

Hatua ya nne: andika kwamba ni makadirio, mahali ambapo maneno hayo hayawezi kutenganishwa na mstari

Watu wengi hudhani kwamba kazi hii inakamilika kwa kuandika neno moja kwenye ufunguo wa chati. Haikamiliki, kwa sababu chati hukatwa, hupigwa picha, hubandikwa kwenye ripoti na kuchapishwa bila rangi, na ufunguo ndio wa kwanza kupotea. Alama ya makadirio inapaswa kuwa sehemu ya mstari wenyewe.

Chora data halisi kwa mstari mzima wenye nukta, na makadirio kwa mstari wa kukatika-katika usio na nukta. Tofauti ya rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa wapo wasiotofautisha rangi, na zipo printa za rangi nyeusi tu. Weka mstari wima mwembamba mahali data halisi inapoishia. Ukanda wa chini na juu uwe kivuli hafifu upande wa kulia wa mstari huo. Kisha andika neno «Makadirio» ndani ya eneo la chati, juu ya mstari wa kukatika-katika, kwa herufi za ukubwa ule ule wa maandishi mengine.

Wiki inayoendelea isitupwe, kwa kuwa msomaji ana haki ya kuiona. Ionyeshe kama nukta tupu isiyounganishwa na mstari, na iandikiwe «wiki haijaisha».

Chini ya chati weka sentensi moja inayokokotolewa pamoja na mstari, yenye mambo manne: data iliyotumika, mahali inapoishia, tarehe ya ukokotoaji na maana ya ukanda. Kwa mfano wetu:

«Makadirio, si hesabu halisi. Yamekokotolewa tarehe 9 Machi kwa mstari ulionyooka kutokana na wiki 8 zilizokamilika, ya mwisho ikiwa imeishia tarehe 7 Machi. Kivuli kinaonyesha kiwango cha asilimia 95. Yatabadilika data mpya ikiingia.»

Tarehe mbili katika sentensi hiyo si urudiaji. Usasishaji unaweza kufanyika kila asubuhi bila tatizo hata kama data mpya imeacha kufika kutoka kwenye chanzo. Ukiandika tarehe ya usasishaji peke yake, chati itaonekana mpya huku imesimama kwenye data ya mwezi uliopita. Tarehe ya data ya mwisho ndiyo inayofichua hali hiyo.

Zungusha nambari zinazoonyeshwa. Katika skripti unahifadhi 254.07, lakini msomaji aone «takriban 254 (243 hadi 265)». Desimali kwenye idadi ya maombi yasiyokuwepo bado zinadai uhakika ambao hatuna.

Majedwali na mafaili yanayopakuliwa yanasahaulika mara nyingi, nayo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mtu anaweza kujumlisha safu nzima bila kujua kwamba mistari minne ya mwisho haijatokea. Ongeza safu iitwayo `aina`, yenye thamani `halisi` au `kadirio`, na uhakikishe kwamba jumla zote za mfumo huchuja `halisi` tu. Kama inawezekana, weka makadirio kwenye faili lake peke yake.

Hatua ya tano: hifadhi kila kadirio lililotolewa

Kukokotoa upya kila mara kuna athari moja inayohitaji kuzuiwa: kadirio la zamani hufutwa na jipya, na baada ya muda chati huonekana kana kwamba haikuwahi kukosea. Kwa hiyo kila usasishaji unaoleta wiki mpya uongeze mistari kwenye jedwali la kumbukumbu, bila kufuta ya nyuma. Safu zinazohitajika ni tarehe ya ukokotoaji, wiki ya mwisho iliyotumika, wiki inayokadiriwa, kadirio, kiwango cha chini na kiwango cha juu. Wiki halisi inapofika, unaongeza hesabu yake na tofauti. Katika mfano wetu mstari wa kwanza kukamilika ungesema: wiki ya 9, kadirio 252.5, halisi 246, tofauti -6.5, ndani ya ukanda.

Tathmini tofauti hizo kwa kuzitenga kulingana na umbali: za wiki moja mbele zikae peke yake, za wiki nne mbele peke yake. Ukizichanganya, usahihi wa makadirio ya karibu utaficha udhaifu wa yale ya mbali. Hesabu pia ni mara ngapi wiki halisi imeangukia nje ya ukanda. Kwa kiwango cha asilimia 95 tungetarajia mara moja katika kila 20 hivi. Ukiona mara 4 au 5 katika 20, ukanda wako unadanganya. Sababu ya kawaida ni kwamba fomula hudhani kila wiki hutawanyika kivyake, ilhali wiki nzito mara nyingi hufuatwa na wiki nyingine nzito. Suluhisho lililo wazi ni kuacha ukanda wa fomula na kutumia ukubwa wa tofauti zilizo kwenye kumbukumbu yako, kisha kusema hivyo kwenye sentensi ya chini ya chati.

Lini mstari usionyeshwe

Skripti iwe na uwezo wa kukataa. Weka masharti machache yanayokaguliwa kila mara, na yakishindikana mahali pa mstari paandikwe sababu.

Sharti la kwanza ni idadi ya data: zikiwa chini ya wiki 6 zilizokamilika, andika «data haitoshi kwa makadirio». La pili ni umri wake: wiki ya mwisho ikiwa ya nyuma kuliko ratiba ya kawaida, ondoa mstari na uandike tarehe ambayo data imeishia. La tatu ni uhakika wa mteremko. Gawanya mtawanyiko wa 3.1 kwa kipeuo cha pili cha 42, upate takriban 0.48, kisha zidisha kwa 2.45, ambayo ndiyo thamani inayotolewa na `t.ppf` kwenye skripti kwa wiki 8, upate takriban 1.2. Mteremko wetu wa kwanza kwa hiyo ni 5, ukiongeza au kupunguza 1.2, na uko mbali na sifuri. Kama upana huo ungejumuisha sifuri, usingejua hata kama huduma inakua au inapungua, na maneno sahihi yangekuwa «hakuna mwelekeo ulio wazi».

Umbali wa mbele nao uwe na kikomo: nusu ya kipindi kilichotumika, yaani wiki 4 kwa wiki 8, ni kikomo ambacho nisingependa kukivuka. Na kama mstari unaoshuka utafika chini ya sifuri ndani ya kikomo hicho, usiugeuze kuwa sifuri kimyakimya. Ukate pale, kwa sababu idadi isiyoweza kuwepo inaonyesha kwamba mstari ulionyooka umeacha kufaa.

Sharti la mwisho linahitaji jicho la mtu, na linaweza kufanywa mara moja kwa mwezi. Tazama alama za tofauti kwa mpangilio wa wiki. Zikichanganyika, chanya na hasi, kama zilivyo kwenye mfano wetu, mstari unafaa. Zikiwa chanya mwanzoni, hasi katikati na chanya mwishoni, data inapinda kuelekea juu, na makadirio yatakuwa chini ya ukweli wiki baada ya wiki. Zikiruka ghafla kutoka upande mmoja hadi mwingine na kubaki huko, kuna kitu kilichobadilika, labda utaratibu wa kupokea maombi au namna ya kuyahesabu. Hapo anza kuhesabu kipindi upya tangu wiki ya badiliko, weka alama ya badiliko hilo kwenye chati, na uache eneo la makadirio likiwa tupu, lenye maneno «data haitoshi kwa makadirio», hadi wiki 6 mpya zitakapokamilika.